Hotuba ya Mwakilishi wa Wahitimu katika Mtihani wa Kuzungumza: Shukrani kwa Mpangilio au Tukio Moja?

Mtahiniwa anayeambiwa na mtahini, "Chukulia kuwa wewe ni mwakilishi wa wahitimu, utoe hotuba siku ya mahafali," huwa na njia mbili za kujenga hotuba yake. Ya kwanza ni kuwashukuru wote wanaostahili kushukuriwa, mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata ngazi za heshima. Ya pili ni kushika tukio moja la maisha ya chuoni na kulitumia kusema yote anayotaka kuyasema, shukrani zikiwemo. Katika mahafali halisi hapa Lamu njia ya kwanza ndiyo inayosikika zaidi, na hakuna anayeilaumu, kwa sababu mzazi aliyetoka Kizingitini kwa boti tangu alfajiri anataka kusikia akishukuriwa. Mtihani, hata hivyo, una msikilizaji wa namna nyingine. Mtahini hakuja kushukuriwa. Amekuja kupima, na ukishamaliza atakuuliza maswali. Kwa hiyo nimeziandika hotuba mbili za mfano za mahafali yaleyale ili mwanafunzi aone ipi inamfaa.

Tuchukulie mtihani wenye dakika nne za hotuba na dakika chache za maswali. Mtahini kwa kawaida huangalia maudhui na mpangilio wake, ufasaha na matamshi, usahihi wa sarufi na msamiati, na namna mtahiniwa anavyojibu anapoulizwa jambo ambalo hakulikariri. Hotuba rasmi ya Kiswahili, ikisemwa bila haraka na kwa vituo vinavyostahili, huchukua maneno mia moja hivi kwa dakika, kwa maana maneno yetu ni marefu na huvaa viambishi vingi. Basi dakika nne ni maneno 400 kwa makadirio, wala si zaidi. Mahafali yenyewe ni ya chuo cha ufundi mjini Lamu, chenye wanafunzi wa mitambo ya boti, useremala na ushonaji. Mgeni wa heshima ametoka afisi ya elimu ya kaunti, na wazazi wamekuja kutoka Matondoni, Siyu na Faza.

Mfano wa kwanza: shukrani kwa mpangilio

"Asalamu aleikum. Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwenyekiti wa bodi ya chuo, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi wetu wapendwa na wahitimu wenzangu, hamjambo? Nina furaha kubwa kusimama mbele yenu kwa niaba ya wahitimu wote ili kutoa shukrani zetu.

Kwanza, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai na afya hadi kuifikia siku hii. Pili, tunamshukuru mgeni wetu wa heshima kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi aliyo nayo. Tatu, tunawashukuru mkuu wa chuo na walimu wote, ambao wametufundisha kwa bidii na uvumilivu, wakatuelekeza tulipokosea na kututia moyo tulipokata tamaa. Nne, tunawashukuru wazazi wetu, ambao wamejinyima mengi ili tupate karo na mahitaji yetu. Tano, tunawashukuru wafanyakazi wa jikoni, walinzi na wote waliotuhudumia kwa namna moja au nyingine.

Safari yetu haikuwa rahisi. Tulikumbana na changamoto nyingi, lakini kwa ushirikiano wetu tulizishinda. Wanafunzi mnaobaki, tunawasihi mtie bidii na kuwatii walimu wenu. Wahitimu wenzangu, tunapotoka hapa leo, tukawe mfano mwema katika jamii na tulitukuze jina la chuo chetu. Mgeni wetu wa heshima, tunaiomba serikali ya kaunti iendelee kukisaidia chuo hiki kwa vifaa vya kisasa. Nawatakia nyote kila la heri. Asanteni kwa kunisikiliza."

Hotuba hii haina kosa la sarufi, ina mwanzo, kati na mwisho, na imeheshimu kila mtu. Nguvu yake kubwa imo mahali ambapo wanafunzi wengi hawapatazami, nayo ni ngeli. Karibu kila anayetajwa ni mtu, na mtu huingia katika ngeli ya A-WA, ambayo hata mwanafunzi anayehangaika na upatanisho huiweza: walimu wametufundisha, wazazi wamejinyima, walinzi waliotuhudumia. Mtahiniwa anaweza kusema dakika nzima bila kulazimika kuamua kama kitu fulani ni cha LI-YA au cha I-ZI. Kwa mtu ambaye Kiswahili si lugha yake ya nyumbani, au ambaye hofu humvuruga viambishi, huo ni usalama wa kweli.

Nguvu ya pili ni itifaki kuwa kamba ya kushikilia. Ukisahau sentensi, unakumbuka angalau kwamba baada ya walimu wanakuja wazazi, na baada ya wazazi wanakuja wafanyakazi. Hata hivyo, kamba hiyo ina mahali inapokatika. Sentensi za walimu na za wazazi zina umbo lilelile, "tunawashukuru fulani, ambao wame-", na akili iliyokariri maumbo yanayofanana huruka kutoka moja hadi nyingine bila mwenyewe kujua. Mwanafunzi huanza na walimu na kumalizia na karo. Akiwa ameweka hesabu, yaani kwanza, pili, tatu, basi kosa linajitangaza lenyewe, kwa sababu mtahini anasikia "tano" baada ya "tatu". Anayeuchagua mfano huu namshauri aondoe hesabu na kutumia viunganishi kama "aidha", "vilevile" na "kwa namna ya pekee". Akiruka mtu mmoja, hakuna atakayejua.

Udhaifu wake haufichiki kwenye saa. Hotuba hii haifiki hata dakika mbili. Mtahiniwa anayeona muda umebaki huanza kushukuru upya watu aliokwisha kuwashukuru, na hapo ndipo alama za mpangilio hupungua. Lakini udhaifu unaonisumbua zaidi huonekana wakati wa maswali. Mtahini mwema hachagui swali la kutega. Huchukua sentensi ya mtahiniwa mwenyewe na kuiuliza. "Umesema walimu waliwatia moyo mlipokata tamaa. Mlikata tamaa lini, na kwa sababu gani?" Mwanafunzi aliyeandika sentensi hiyo kwa kuwa inapendeza, si kwa kuwa kuna siku anayoikumbuka, hana pa kuanzia. "Umetaja changamoto nyingi. Tupe moja." Hapo husikika jibu la "ukosefu wa karo" au "ukosefu wa vifaa", maneno mawili au matatu, kisha kimya. Alama za kujibu maswali hupotea kwa sababu hotuba haikuwa na chochote cha kuulizwa, hata kama mtahiniwa anakijua Kiswahili vizuri.

Mfano wa pili: tukio moja

"Asalamu aleikum. Mheshimiwa mgeni wa heshima, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi wetu na wahitimu wenzangu, itifaki zote zimezingatiwa.

Mwaka jana, katika siku za bamvua, wanafunzi wa mitambo tulitumwa Faza kutengeneza injini za boti za wavuvi. Siku ya kurudi tulichelewa kuondoka, na tulipoingia Mkanda maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Saa nne asubuhi boti yetu ilikaa juu ya tope, katikati ya mikoko. Mmoja wetu alishauri injini iongezwe kasi. Mwingine akataka boti irudishwe nyuma. Nahodha wetu, mzee ambaye hajapata kuingia katika karakana yetu hata siku moja, aliizima injini, akainyanyua rafadha juu ya maji, akachukua upondo wake na kupima kina. Kisha akatuambia, 'Wanangu, injini hii ikivuta tope itachemka. Kaeni, maji yatarudi.'

Tukakaa. Mwalimu wetu alitumia muda ule kutuuliza swali moja: maji ya kupoza injini huingilia wapi? Jibu tulilijua tangu muhula wa kwanza. Huingilia kwenye vitundu vilivyo karibu na rafadha, na vitundu hivyo vilikuwa vimezama kwenye tope tulipokuwa tukipiga kelele za kuongeza kasi. Lau nahodha angetusikiliza, injini ingeharibika, nasi tungebaki Mkanda mpaka mtu mwingine atukute. Saa nane mchana maji yalikuwa yamejaa vya kutosha, boti ikaelea, tukafika Lamu salama.

Wahitimu wenzangu, kuanzia kesho tutakabidhiwa injini za watu ambao riziki yao iko ndani ya injini hizo. Mvuvi atataka injini yake iwake leo hii. Tukiona kwamba kuiwasha ni kuiharibu, tumwambie asubiri, hata akikasirika. Walimu wetu, mlitufundisha kuwasha na mkatufundisha kuzima. Tunawashukuru kwa yote mawili. Wazazi wetu, karo mliyolipa ilikuwa na nauli za boti ndani yake, na tunajua zilitoka wapi. Mgeni wetu wa heshima, tunakuomba ulifikishe mbele ombi la karakana ndogo huko Faza, ili wavuvi wapate fundi karibu na wanaotufuata wapate mahali pa kufanyia mazoezi. Asanteni kwa kunisikiliza."

Tukio lenyewe nimelitunga, lakini limejengwa juu ya mambo ambayo kila mtu wa visiwa hivi anayajua. Mfereji wa Mkanda, kati ya Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakiwa yamekupwa, na nahodha wa kisiwa cha Pate, kilipo Faza, hupanga safari yake kwa kuuangalia.

Tazama kwanza nyakati za vitenzi. Mfano wa kwanza unategemea zaidi -na- na -li-, pamoja na -me- na dhamira tegemezi chache. Katika wa pili mtahini anasikia -li- ya masimulizi, -ka- ya kufuatana, "yalikuwa yamekwisha kupwa" ya jambo lililotangulia jingine, -ki- ya masharti, -nge- katika "angetusikiliza" na "ingeharibika", -ta- ya kesho, na dhamira tegemezi katika "tumwambie asubiri". Hakuna hata moja iliyowekwa kwa ajili ya kujionyesha. Tukio lenye hatari lililoepukwa huita -nge- lenyewe, na nasaha itolewayo kwa wenzako huita dhamira tegemezi. Mtahini anayetafuta upana wa sarufi anaupata bila mtahiniwa kuutafuta.

Gharama yake imo kwenye ngeli zilezile. Mara tu unapoacha kuzungumzia watu na kuanza kuzungumzia boti, maji, tope, rafadha, vitundu na upondo, kila kitenzi kinakuwa mtihani mdogo. Makosa ninayoyasikia mara nyingi ni "maji imekupwa" badala ya "maji yamekupwa", "boti alikwama" kwa kuwa mwanafunzi ameipa boti uhai, na "vitundu zilikuwa" badala ya "vitundu vilikuwa". Mazungumzo ya mtaani yanayavumilia makosa haya, mtahini hayavumilii. Kwa hiyo anayechagua mfano wa pili aandike orodha fupi ya nomino zote zisizo za watu zinazotawala vitenzi katika hotuba yake, na mbele ya kila moja aweke kitenzi kimoja cha umoja na kimoja cha wingi pale wingi unapowezekana. Nomino zenyewe hazizidi kumi. Akizisema kwa sauti mara kadhaa kwa siku chache, zinakaa mdomoni. Anayeona kwamba kazi hiyo inamzidi, arudi kwenye mfano wa kwanza bila aibu, kwa sababu hotuba nyofu yenye sarufi safi hupata alama nyingi kuliko kisa kizuri kilichojaa upatanisho uliovunjika.

Kuhusu kusahau, mfano wa pili una nafuu ambayo wengi hawaitarajii. Sababu huleta matokeo: tulichelewa, kwa hiyo maji yalikupwa, kwa hiyo boti ilikwama, kwa hiyo tukataka kuongeza kasi, na nahodha akakataa. Ukipoteza maneno, unajua bado kilichofuata, nawe unaweza kukisema kwa maneno mengine. Aliyekariri shukrani hana nafuu hiyo, kwa kuwa wazazi hawafuati walimu kwa sababu yoyote isipokuwa desturi ya itifaki. Wanafunzi wanaohofia mfano wa pili kwa kuwa ni mrefu wangeujaribu kwanza bila karatasi kabla ya kuukataa.

Maswali yake nayo ni ya aina nyingine. "Kwa nini mlichelewa kuondoka Faza?" Jibu ni la wakati uliopita, na mtahiniwa anaweza kulitunga hapo hapo: injini moja ilikataa kuwaka, nao hawakutaka kumwacha mwenyewe hivyo. "Kama wewe ungekuwa nahodha, na abiria mmoja ni mgonjwa anayepelekwa hospitali, ungefanya nini?" Swali hili ni zuri sana, kwa sababu linamlazimisha mtahiniwa kuendelea na -nge- na kupima jambo: angetafuta boti ndogo isiyohitaji kina, angepiga simu Lamu, lakini injini asingeiwasha. "Kwa nini mwombe karakana Faza na si hapa mjini?" Jibu limo ndani ya hotuba yenyewe, ila linahitaji kupanuliwa. Kila swali lina mlango wake, na mwanafunzi anayekijua kisa chake anaingia.

Mfano huu pia una namna zake za kuharibika. Kubwa kuliko zote ni hotuba kugeuka kuwa masimulizi. Mtahiniwa hunogewa, akaeleza nani alikaa mbele ya boti, nani alileta maandazi, na nani alilala, hata mtahini anapoinua mkono kuonyesha muda umekwisha boti bado haijaingia Mkanda. Njia ya kulitambua kosa hili mapema ni kuangalia mahali yanapoangukia maneno "Wahitimu wenzangu" yanayoanzisha nasaha. Katika mfano niliouandika yamekuja baada ya theluthi mbili hivi ya hotuba, na hapo ndipo mwisho wa kusimulia. Mwanafunzi afanye mazoezi akiwa na saa. Asipoyasema maneno hayo kabla ya dakika ya tatu kutimia, akate kisa, asikate nasaha. Sentensi ya kwanza kuondoka iwe ile ya mtu aliyetaka boti irudishwe nyuma. Haibadilishi chochote.

Namna ya pili ni nafsi. Mwakilishi huzungumza kwa niaba ya wenzake, na anayesimulia kisa huvutwa kusema "mimi". Ukisema "mimi nilishauri injini iongezwe kasi", umeanza kueleza maisha yako, na wahitimu wengine wamekuwa abiria wako. "Mmoja wetu" linatosha, na kila mhitimu aliyekaa pale anaweza kujiona ndani yake. Waseremala na washonaji nao hawakuwamo botini, na mtahini makini anaweza kuliuliza hilo. Mtahiniwa mwangalifu huongeza sentensi moja baada ya kuwaambia wenzake habari za mvuvi: "Na mteja wa mshonaji atataka nguo yake kabla ya Idi, hata kama kitambaa kimekatwa vibaya." Kwa sentensi hiyo wahitimu wa ushonaji wameingia katika hotuba bila kisa kingine.

Namna ya tatu huwapata wanaotunga tukio bila kulipima. Mtahini wa hapa anaijua bahari. Siku za bamvua kwetu maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na hukupwa asubuhi mnamo saa nne au saa tano. Ukimwambia kuwa boti ilikwama saa kumi jioni ya bamvua kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa, unampa swali la kwanza ambalo hutalijibu, na baada ya hapo hataamini lolote. Si lazima tukio liwe la kweli, kwa kuwa mtihani wa kuzungumza si kiapo mahakamani, lakini lazima lingeweza kutokea. Kwa mtahiniwa wa Malindi au wa bara ambaye hazijui saa za maji, ni salama zaidi kuchagua tukio la darasani au la jikoni kuliko kuazima boti ya Faza.

Lahaja nayo ina neno lake. Nahodha halisi wa Pate hangesema kwa Kiswahili sanifu, na mtahiniwa wa hapa hushawishika kumwiga hadi lafudhi. Mbele ya wazazi kwenye mahafali ya kweli ningependa amwige, kwa maana ukumbi ungechangamka. Katika mtihani unaopima Kiswahili sanifu, maneno ya nahodha yabaki sanifu, kwa kuwa ulimi ukishaingia katika lahaja kwa sentensi moja huchelewa kutoka, na sentensi inayofuata ndiyo inayopimwa.

Kuchanganya mifano yote miwili

Wanafunzi wengi huniuliza kama wanaweza kuanza na shukrani zote za mfano wa kwanza kisha waingie kwenye tukio la pili. Hesabu inakataa. Mfano wa kwanza una maneno yasiyopungua 170 na wa pili yasiyopungua 250, na jumla yake inazidi dakika nne. Hata mtihani ungekuwa wa dakika sita, bado ningekataa. Mgeni wa heshima angeshukuriwa mwanzoni na kuombwa mwishoni, walimu wangeshukuriwa mara mbili kwa maneno tofauti, na mtahini asingejua ipi ni hotuba na ipi ni utangulizi wake. Katika mfano wa pili shukrani zimewekwa mwishoni makusudi, kwa kuwa zinakuja zikiwa na sababu iliyokwisha kusikika. "Mlitufundisha kuwasha na mkatufundisha kuzima" ni maneno matupu kabla ya kisa cha Mkanda, na baada yake ni shukrani.

Kinachoweza kuazimwa ni kidogo. Anayechagua mfano wa kwanza anaweza kuingiza jambo moja halisi katika kila shukrani. Badala ya kusema wazazi "wamejinyima mengi", aseme wapo waliouza mbuzi ili karo ya muhula wa mwisho ilipwe. Badala ya "wafanyakazi wa jikoni", ataje chai waliyoandaliwa usiku wa kuamkia mtihani. Hotuba itarefuka, itabaki katika ngeli ya A-WA kwa sehemu kubwa, na mtahini atapata la kuuliza. Hilo ni boresho zuri kwa mwanafunzi wa wastani, na kwa wengine ndilo chaguo bora.

Kabla ya kuamua, soma tena maelekezo ya swali. Yakisema "toa hotuba ya shukrani", mfano wa kwanza ulioboreshwa ndio unaotakiwa, na tukio refu litaonekana kama kukwepa swali. Hivyo hivyo ikiwa muda ni dakika mbili tu, au ikiwa hakuna maswali baada ya hotuba, kwa sababu faida kubwa ya mfano wa pili iko kwenye maswali hayo. Maelekezo yakiorodhesha mambo ya kutaja, kwa mfano "washukuru walimu, taja changamoto moja, waase wenzako na utoe ombi kwa mgeni wa heshima", mfano wa pili unayabeba yote, mradi mtahiniwa ahakiki kwa kalamu kwamba kila jambo lina sentensi yake. Pasipo maelekezo ya namna hiyo, mwanafunzi ambaye nomino zake kumi zimekaa sawa nampeleka kwenye mfano wa pili bila kusita.

Anayebaki na shaka ajaribu hivi. Amsomee mwenzake hotuba zote mbili, kisha amwombe amuulize maswali matatu juu ya kila moja, akitumia maneno yaliyomo ndani ya hotuba hiyo. Karatasi ziwekwe kando. Mwenzake asikilize jambo moja tu: je, majibu yana sentensi mpya, au ni sentensi zilezile za hotuba zilizorudiwa? Hotuba iliyomtoa mwanafunzi majibu mapya matatu, hata kama moja lilikuwa na kosa la upatanisho, ndiyo ya kwenda nayo chumba cha mtihani, na siku zilizobaki zitumike kulirekebisha kosa hilo.